Chumvi imebaki chini ya ndoo: maji yameshiba, au chumvi inachelewa tu?

Wakati wa kuandaa vitalu vya mpunga ukikaribia, napata simu nyingi kuhusu ndoo ya chumvi. Naulizwa hivyo hapa Kwamndolwa, na hata ukifuata barabara ya Moshi hadi kwenye skimu ya Mombo utaulizwa vilevile: "Afisa, chumvi imegoma kuyeyuka, nifanyeje?" Leo nalijibu kwa kirefu, kwa sababu jibu la mkato limeshawagharimu watu mbegu nzuri.

Kwa wale wapya, tunachagua mbegu kwa maji ya chumvi hivi. Mpunga wa mbegu uliojitunzia mwenyewe huwa umechanganyika: kuna punje zilizojaa, kuna zilizojaa nusu, na kuna mapepe. Kwenye maji matupu mapepe yanaelea, lakini zile za nusu zinazama pamoja na nzuri, na ndizo zinazokuletea miche dhaifu kitaluni. Ukiongeza chumvi maji yanakuwa mazito, zile za nusu nazo zinapanda juu, unaziondoa. Kipimo chetu ni yai la kuku lililo bichi na la karibuni. Kwenye maji matupu linazama. Maji yakifika uzito tunaoutaka, linapanda na kuonyesha juu kipande cha ganda kama sarafu. Yai la zamani usilitumie, maana lina hewa ndani na litaelea hata kwenye maji ya bomba, likudanganye.

Halafu kuna mbegu za dukani zilizopakwa dawa, zile zenye rangi. Hizo usizitie kwenye ndoo hii kabisa, utaosha dawa uliyoilipia.

Sasa turudi kwenye chumvi.

Ndoo mbili, asubuhi moja

Nitawaeleza kisa cha vijana wawili, majirani, waliokuwa wanaandaa mbegu ya SARO 5 siku hiyohiyo. Wote walikuwa na kilo 1.3 za chumvi ya mawe, ile ya chengachenga kubwa inayotoka pwani, na wote walipanga kupata lita 10 za maji ya kuchagulia. Nilipofika, kila mmoja alikuwa na chumvi imelala chini ya chombo chake, na kila mmoja alikuwa ameshaamua kwamba "maji yamekataa".

Wa kwanza alikuwa ametia chumvi yote kwenye lita 10 za maji baridi ya kisima, akakoroga mara tatu nne kwa kijiti, akaacha. Wa pili alikuwa mjanja zaidi, au ndivyo alivyodhani. Alichemsha lita 2 za maji, akamimina chumvi yote humo, akawa anakoroga kwa nguvu zake zote, akipanga kuongeza maji baridi baadaye chumvi ikishaisha. Alikuwa amekoroga hadi mkono unauma na chumvi bado ipo.

Ukiangalia kwa macho, shida ni moja, lakini sababu ni mbili tofauti kabisa, na dawa zake haziingiliani. Ndoo ya kwanza ilikuwa na nafasi tele ya kubeba chumvi, ila chumvi ilikuwa inayeyuka polepole. Sufuria ya pili ilikuwa inayeyusha haraka sana, ila maji yalikuwa yameshajaa, hayana pa kuweka zaidi. Kasi ya kuyeyuka ni jambo moja. Kiasi ambacho maji yanaweza kubeba ni jambo lingine. Fikiria daladala: abiria kupanda polepole kwa sababu mlango ni mmoja si sawa na gari kujaa.

Hesabu yake ni hii. Lita 1 ya maji, kwa joto letu la kawaida, inabeba takriban gramu 360 za chumvi ya kawaida. Ikifika hapo imeshiba, ukiongeza inakaa chini tu. Kwa hiyo lita 10 zinaweza kubeba kilo 3.6. Yule wa kwanza alikuwa na kilo 1.3, yaani kidogo zaidi ya theluthi moja ya uwezo wa maji yake. Hakuna namna maji yale yangekuwa yameshiba. Chumvi aliyoiona chini ilikuwa inasubiri tu.

Wa pili alikuwa na lita 2. Maji yanayochemka yanabeba chumvi zaidi kidogo, kama gramu 390 kwa lita, kwa hiyo lita zake mbili zingebeba gramu 780 hivi. Amewekea gramu 1,300. Gramu zaidi ya 500 zingebaki hata angekoroga mpaka jioni. Na maji yakipoa yanapunguza uwezo kidogo, kwa hiyo chumvi kidogo ingerudi chini tena. Dawa yake haikuwa kukoroga, ilikuwa kuongeza maji. Tulipomimina lita 3 tu, tukakoroga kidogo, ile chumvi yote ikaisha mbele ya macho yake. Kilo 1.3 inahitaji angalau lita 3.6 za maji, chini ya hapo unajisumbua.

Jinsi ya kujua uko kwenye hali ipi

Hesabu inatosha kama umepima, lakini wengi wetu tunakadiria kwa kopo. Basi fanya hivi. Koroga vizuri, acha uchafu utulie, kisha chota maji yale meupe ya juu kwenye glasi bila kuchukua chenga za chini. Tia humo chumvi laini ya mezani, kiasi cha kubana kwa vidole viwili, ukoroge kwa kijiko. Ikipotea, maji yana nafasi bado, na ile chumvi ya kwenye ndoo inachelewa tu. Ikibaki ilivyo hata baada ya dakika kadhaa za kukoroga, maji yameshiba.

Kuna hali ya tatu inayowachanganya watu. Chumvi ya mawe ya pwani huja na mchanga na udongo wa kwenye mashamba ya chumvi. Huo hauyeyuki leo wala kesho. Ukitaka uhakika, mwaga maji ya juu kwenye chombo kingine, kwenye masalia tia maji mapya kidogo. Chumvi itaondoka, mchanga utabaki.

Kwa nini kukoroga kunasaidia, na kwa nini hakuongezi kitu

Chenga ya chumvi ikiwa majini, maji yanayoigusa yanachukua chumvi kutoka kwenye uso wake. Muda mfupi tu maji yale yaliyoizunguka yanakuwa yameshiba, hata kama ndoo nzima bado ni maji matupu. Chenga inabaki imevaa koti la maji ya chumvi kali. Ili iendelee kuyeyuka, chumvi ile lazima iondoke kwenye koti isambae, na ikiachwa peke yake inasambaa polepole mno. Na kwa kuwa maji ya chumvi ni mazito kuliko maji matupu, hayapandi juu. Yanalala palepale chini pamoja na chenga, kama blanketi.

Ndiyo maana yule kijana wa kwanza alikuwa na ndoo yenye maji ya aina mbili. Nilimwambia achovye kidole juu aonje, akasema "mbona kama hayana kitu". Chini yalikuwa makali. Kukoroga kunavua lile koti, kunaleta maji yenye njaa kwenye uso wa chenga. Kunaongeza kasi, tena sana. Lakini ukishafika kwenye gramu 360 kwa lita, mwiko hauna kazi tena.

Ipo njia wanayoipenda wavivu, nami naipenda pia. Badala ya kuitupa chumvi chini, itie kwenye kitambaa au kipande cha chandarua kilichokunjwa, ukining'inize karibu na uso wa maji ndani ya ndoo. Maji yanayochukua chumvi yanakuwa mazito, yanashuka yenyewe, na maji mepesi yanapanda kuchukua nafasi yake. Ndoo inajikoroga. Ukiangalia kwa makini kwenye chombo cha kioo unaona vinyuzi vya maji mazito vikiteremka kutoka kwenye kitambaa. Mwisho utakoroga mara moja ili kuchanganya ya chini na ya juu, basi.

Chenga kubwa na chenga ndogo

Chumvi inayeyukia usoni tu, kule inakogusana na maji. Ya ndani inasubiri ya nje iondoke. Chukua donge la chumvi la mraba lenye upande wa sentimita 1. Lina nyuso sita, kila moja sentimita moja ya mraba, jumla sita. Ukilikata kuwa vidonge vidogo vya milimita 1, unapata vidonge 1,000, na jumla ya nyuso zake ni sentimita 60 za mraba. Chumvi ni ileile kwa uzito, ila sehemu inayogusana na maji imeongezeka mara kumi. Ndiyo kazi ya kinu hapa. Twanga chumvi ya mawe kabla ya kuitia, utaokoa muda mwingi.

Kuna kosa ninaloliona kwa wanaotwanga. Wanatwanga vizuri mpaka inakuwa unga, halafu wanaimwaga yote kwa mkupuo kwenye ndoo iliyotulia. Unga unashuka, unagandamana chini kama ugali uliopoa, na maji yanagusa juu ya lile bonge tu. Faida ya kutwanga imepotea. Tia kidogo kidogo huku mkono mwingine unakoroga.

Na kumbuka, unga wa chumvi hauyafanyi maji yabebe zaidi. Lita ileile, gramu 360 zilezile, iwe mawe au unga.

Moto: hapa chumvi na sukari zinaachana

Maji ya moto yanayeyusha haraka zaidi, kwa chumvi na kwa sukari. Hiyo kila anayekunywa chai anaijua. Ila swali la kiasi, chumvi na sukari hazifanani hata kidogo.

Chumvi umeshaiona: kutoka gramu 360 kwa lita kwenye maji ya kawaida hadi 390 hivi kwenye maji yanayochemka. Umechoma kuni zote hizo kwa nyongeza ya gramu 30. Sukari ni habari nyingine. Lita 1 ya maji ya kawaida inabeba takriban kilo 2 za sukari, na ikichemka inakaribia kilo 5. Wafugaji wa nyuki wa upande wa Handeni wanaotengeneza maji ya sukari mazito ya kulishia nyuki, kilo 2 za sukari kwa lita 1, wanalijua hili kwa mikono yao. Kwa maji baridi uko ukingoni kabisa mwa uwezo wa maji, na punje za mwisho zinayeyuka kwa shida hata ukoroge vipi. Ukipasha maji yale moto wa wastani, yanapata nafasi ya ziada na punje zinakwisha. Kwenye sukari nyingi, moto unaongeza kasi na kiasi. Kwenye chumvi, moto unaongeza kasi tu.

Wanaopiga mbolea ya majani nao wana jambo lao. Urea inapoyeyuka inanyonya joto la maji. Gusa ndoo utaona imepoa ghafla kama imetoka kwenye friji. Maji yakipoa, kasi nayo inapungua, ndiyo maana mwanzo urea inayeyuka mbiombio halafu ile ya mwisho inajivuta. Nafasi ipo, maana maji yanabeba urea nyingi sana. Endelea kukoroga au iache ndoo juani kidogo, usiimwage kwenye bomba la mgongoni ikiwa na punje, utaziba pua.

Kwa mbegu ya mpunga, nasema moto auache anayeweza kuuacha. Ukitumia maji ya moto kuharakisha, lazima uyaache yapoe kabisa kabla mbegu haijaingia. Mbegu ikipikwa haioti.

Hasara iko wapi hasa

Sasa niwarudishe kwa yule kijana wa kwanza, kwa sababu alichofanya kabla sijafika ndicho wengi wanachofanya. Alitia yai, likazama nusu likabaki linaning'inia katikati ya ndoo. Hakujua maana yake. Kama maji yamechanganyika sawasawa, yai ama linazama hadi chini ama linaelea hadi juu. Likining'inia katikati ujue ndoo ina tabaka: chini mazito, juu mepesi. Ni dalili ya wazi kwamba hujakoroga vya kutosha.

Yeye aliisoma kama "chumvi haitoshi", na alikuwa ameshanunua kilo nyingine. Tuseme angeitia, pamoja na mabaki aliyokuwa nayo nyumbani, ikafika kilo 2.5. Yai lingepanda kidogo kidogo, angefurahi, angemimina mbegu na kuanza kuzikoroga kwa mkono ili zioge vizuri. Mkono ule ndio ungeyeyusha chumvi yote iliyokuwa imelala chini. Ndani ya dakika chache maji yangekuwa mazito kuliko alivyokusudia, na punje nzuri zilizojaa zingepanda juu pamoja na mbovu. Angezichota akijua ni mapepe, angewapa kuku. Katika kilo 20 za mbegu, unaweza kuwalisha kuku sehemu kubwa ya ekari yako bila kujua, halafu kitalu kikiwa chembamba unalaumu mbegu.

Dalili ya maji makali mno ni mbili. Yai linaelea likiwa limejitokeza sana, si kipande cha sarafu. Na zile punje zinazoelea, zimenye kumi kwa kucha. Ukikuta mchele umejaa ndani, punguza nguvu ya maji kwa kuongeza maji matupu, usitupe kitu. Kabla ya kuamua, hakikisha pia umezikoroga mbegu mara kadhaa, maana punje kavu hushika vipovu vya hewa na kuelea bure.

Tulichofanya siku ile ni kitu chepesi. Chumvi ya dukani aliirudisha kwenye mfuko. Tulikoroga ndoo kwa mwiko mrefu, tukikwangua chini, kama dakika kumi, kwa sababu chenga zilikuwa kubwa. Zilipokwisha, ukabaki mchanga kidogo, tukatia yai. Likapanda hadi juu, likaonyesha kipande kidogo. Kilo 1.3 kwenye lita 10 zilitosha. Kwa kawaida utahitaji kati ya kilo 1.2 na 1.5 kwa lita 10, kutegemea yai lako na unyevu wa chumvi, kwani chumvi ya mawe iliyokaa wazi hunyonya maji na kilo yake si kilo kamili ya chumvi. Anza na ya chini, koroga mpaka iishe yote, pima yai, ndipo uongeze gramu 50 kwa wakati, kila nyongeza ukiyeyusha mpaka mwisho kabla ya kupima tena. Yai usilisikilize kama bado kuna chenga chini.

Mbegu zikishatulia, ondoa zinazoelea kwa chujio, toa zilizozama haraka, usiziache humo zikinywa chumvi. Zioshe kwa maji safi mara mbili tatu mpaka ukionja maji ya kuoshea huoni ladha. Kwa fungu linalofuata unaweza kutumia ndoo ileile, ila pima yai upya, kwani kila fungu linaondoka na maji ya chumvi kidogo.

Ukimaliza, maji yale usiyamwage kitaluni wala kwenye mfereji wa jirani. Yatie kwenye beseni pana, yafunike kwa wavu, uyaache juani. Maji yanaondoka, chumvi haiondoki. Siku ambayo kilichobaki kimepungua hadi kila lita ina zile gramu 360, utaanza kuona vichenga vyeupe vya mraba vikijitengeneza chini na pembezoni. Ndivyo wanavyofanya kwenye mashamba ya chumvi ya pwani ya Tanga na Pangani, isipokuwa wao wanaanza na maji ya bahari yenye gramu 35 hivi kwa lita, kwa hiyo wanasubiri yapungue hadi karibu sehemu moja ya kumi. Ya kwako ina chumvi mara tatu na zaidi ya bahari, haitachukua muda hivyo. Ikikauka ikusanye, andika kwenye mfuko "ya mbegu", isije ikaingia jikoni, na msimu ujao itwange upya.